Kusahau, ndoto nzito na hasira za mimba: jibu kwa Mama Kijacho wa Morogoro

*"Shikamoo daktari. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 27, na ni wakala wa miamala ya simu hapa Morogoro. Mwezi huu nimempa mteja hela kabla ujumbe haujaingia, na si mara moja. Usiku naota mtoto ameniponyoka mtoni, naamka natetemeka. Mchana nalia hata sijui kwa nini, na mume wangu amechoka na kununa kwangu, anasema ni homoni tu. Mama mkwe anasema ndoto hizo ni ishara. Kliniki walipima damu ikawa 9.8, na vidonge vya kuongeza damu vya FEFO nameza kila asubuhi na chai ya rangi. Je, akili yangu itarudi?" – Mama Kijacho, Morogoro*

Marahaba, binti yangu. Akili yako haijaenda popote, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo kwa uhakika. Mumeo naye hajakosea kutaja homoni, kwa sababu zinahusika na yote matatu uliyoniandikia. Ila kwa mama mwenye damu 9.8 anayemeza FEFO na chai, kuishia kwenye homoni ni kuacha nje jambo ambalo linatibika kwa wiki chache. Kwa hiyo tutazizungumza homoni kwanza, halafu tutarudi kwenye hicho kikombe cha asubuhi.

Homoni yenye nguvu zaidi katika habari hii ni projesteroni. Wiki za mwanzo hutengenezwa na ovari, pale yai lilipotoka. Kufikia wiki ya 10 hivi kondo la nyuma linakuwa limeshaichukua kazi hiyo, na linaiendeleza mpaka siku ya kujifungua. Projesteroni ndiyo inayoutuliza mji wa mimba usibane kabla ya wakati, na ndiyo maana mwili unaimwaga kwa wingi. Mwishoni mwa mimba kiwango chake hufika mara kumi na zaidi ya kile cha juu kabisa cha mwezi wa kawaida wa hedhi.

Sehemu ya projesteroni hiyo hubadilishwa, kwenye ini na ndani ya ubongo wenyewe, ikawa kitu kiitwacho alopregnanoloni. Jina ni refu, lakini livumilie, maana ndilo linalounganisha kusahau kwako na machozi yako. Kwenye seli za ubongo kuna vipokezi ambavyo kazi yake ni kupunguza msisimko. Vidonge vya Valiamu hufanya kazi kupitia vipokezi hivyo, na pombe pia. Alopregnanoloni inashika hapo hapo. Ndiyo sababu mama mjamzito anasinzia saa nane mchana kwenye kiti hata kama hajafanya kazi nzito. Mwili wake unatengeneza dawa yake ya kutuliza, tena kila siku.

Ungetarajia basi mama awe mtulivu muda wote, na wapo walio hivyo. Lakini ubongo haukubali kutulizwa tu, nao hubadilisha idadi na aina ya vipokezi vyake ili ubaki macho. Kwa baadhi ya wanawake marekebisho hayo hayaendi sambamba na kupanda kwa homoni, na kitu kilekile kinachotuliza wengine huwaletea wao wasiwasi, hasira za haraka na machozi. Mara nyingi ni wale ambao hata kabla ya mimba siku za kukaribia hedhi zilikuwa zinawabadilisha tabia. Jiulize kama wewe ulikuwa mmoja wao. Kama ndivyo, mwambie mkunga wako mapema, kwa sababu wanawake hawa wanahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi hata baada ya kujifungua.

Na usidhani haya ni nadharia za vitabuni. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, inayokuja baada ya kujifungua, na dawa hiyo ni alopregnanoloni yenyewe, ikipitishwa kwenye mshipa kwa dripu ya saa 60 hospitalini. Homoni inayoweza kutumika kama dawa ya kuinua moyo wa mtu si kisingizio anachojitungia mwanamke.

Sasa tuje kwenye dirisha lako la uwakala. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walikusanya pamoja tafiti 20 zilizolinganisha wajawazito na wanawake wasio na mimba, jumla yao zaidi ya 1,200. Walikuta kweli kumbukumbu na uwezo wa kupangilia mambo hupungua kidogo kwa wajawazito, hasa miezi mitatu ya mwisho. Lakini alama zao zilibaki ndani ya kiwango cha kawaida cha mtu mzima mwenye afya. Mama mwenyewe anaiona tofauti, na watu wake wa karibu wanaweza kuiona, ila si ya kumfanya ashindwe kazi.

Kinachopungua zaidi si kumbukumbu ya mambo uliyokwisha kuyahifadhi. Jina la mwalimu wako wa darasa la kwanza bado unalijua, na namba yako ya siri ya laini ya uwakala hujaisahau. Linaloteleza ni umakini wa dakika ileile. Mteja amesimama, mwingine anauliza vocha, wewe una usingizi, na lile wazo la "nisubiri ujumbe" halikuwahi kushika vizuri kichwani. Ni kama muamala ambao haukuandikwa daftarini: jioni unautafuta huuoni, wakati tangu mwanzo haukuingia. Kwa hiyo usijilazimishe "kukumbuka zaidi." Panga kazi ili usihitaji kukumbuka. Weka hela ya mteja upande wako wa kaunta, chini ya daftari, na usiiguse mpaka ujumbe wa kuthibitisha umeingia na namba ya muamala umeiandika kwa mkono. Mhudumie mtu mmoja mpaka mwisho kabla ya kumjibu wa pili, hata kama ana haraka. Kuhesabu floti na kufunga hesabu kufanye asubuhi, si jioni ukiwa umechoka. Wajawazito wengi waliopanga kazi yao hivi huniambia makosa yamepungua siku chache tu baadaye, na homoni zao zilikuwa bado zinapanda.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu ubongo ambalo napenda kila mama mjamzito alijue, kwa sababu maneno ya "mimba imemharibu akili" yanaumiza sana. Mwishoni mwa mwaka 2016 watafiti wa Barcelona walichapisha picha za ubongo wa wanawake 25 zilizopigwa kabla ya mimba yao ya kwanza na baada ya kujifungua. Sehemu fulani za ubongo zilikuwa zimepungua ujazo, na zilibaki hivyo kwa angalau miaka miwili. Ukisikia tu hapo unaweza kuogopa. Lakini sehemu hizo ni zile zinazotumika kusoma hisia na nia ya mtu mwingine, na mama aliyebadilika zaidi ndiye aliyekuwa na mshikamano mkubwa zaidi na mtoto wake. Vipimo vya kumbukumbu havikuonyesha kushuka kati ya kabla na baada. Watafiti hao wanaamini ubongo ulikuwa unajipanga upya kwa kazi ya kumwelewa kiumbe asiyeweza kusema, kama unavyojipanga upya wakati wa kubalehe. Hiyo ndiyo sababu nimekujibu kwa uhakika pale mwanzo.

Ndoto zina njia nyingine kidogo, na hapa homoni hazifanyi kazi peke yake. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na mwishoni mwa kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope na ubongo huota. Kuelekea alfajiri vipindi hivyo vinakuwa virefu. Watu wote huota kila usiku, lakini ndoto inayokumbukwa ni ile uliyoamka ukiwa ndani yake au mara tu ilipokwisha. Mtu anayelala moja kwa moja mpaka asubuhi huamka hana la kusimulia.

Wewe huwezi kulala moja kwa moja. Figo zako sasa zinachuja karibu nusu zaidi ya zamani, na mji wa mimba umeegemea kibofu, kwa hiyo unaamka kukojoa. Projesteroni imelegeza ule mfuniko wa juu ya tumbo la chakula, kwa hiyo kiungulia kinakupandia ukilala. Misuli ya vigimbi vya miguu inakaza. Mtoto naye anacheza usiku wewe ukiwa umetulia. Kila ukiamshwa hivyo katikati ya ndoto, unaibeba ikiwa bado mbichi, na moyo unadunda kweli.

Na kwa nini mtoto, kwa nini mtoni? Ubongo unaoota huchukua yale yanayokushughulisha mchana na kuyageuza picha. Mama wa mimba ya kwanza anawaza jambo moja kuliko yote, kama ataweza kumlinda huyu mtoto. Watafiti wa Kanada waliochapisha kazi yao mwaka 2007 walikuta ndoto za mtoto mchanga ni za kawaida kwa wajawazito na kwa waliojifungua, na nyingi zilikuwa za mtoto aliye hatarini. Wapo kina mama walioamka wakipapasa kitanda kumtafuta mtoto aliyekuwa amelala salama mahali pake. Kwa hiyo mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba ndoto yako inaonyesha unampenda mtoto ambaye hujamwona bado. Haisemi kitu juu ya afya yake. Afya yake inasomwa kwa mapigo ya moyo, kwa kucheza kwake, kwa kimo cha mji wa mimba na kwa presha yako. Kila mwenye dini ana dua yake baada ya ndoto mbaya, nami sina neno nayo. Nakuomba tu usikubali kunywa mizizi ya kuondoa ndoto. Baadhi ya dawa hizo hubana mji wa mimba, na hakuna anayejua ndani ya kikombe kuna kiasi gani.

Kama unatumia dawa yoyote ya kila siku, itaje kliniki pamoja na ndoto zako. Baadhi ya ARV, kwa mfano, zinajulikana kuleta ndoto nzito au kukosa usingizi, na dawa fulani za malaria pia. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Wakati mwingine kubadili saa ya kumeza kunatosha.

Basi turudi kwenye chai. Mjamzito damu yake huongezeka maji kuliko chembe nyekundu, hivyo kipimo kushuka kidogo ni kawaida. Lakini 9.8 imepita hapo. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kwa mjamzito kuanzia chini ya 11, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati, na ikishuka chini ya 10 huo ni upungufu wa wastani, si mdogo tena. Mtu mwenye upungufu huo huchoka, hushindwa kukaza akili, hukasirika upesi na hulia upesi. Ukosefu wa madini ya chuma pia unahusiana na ile hali ya miguu kukosa raha jioni, kana kwamba lazima uitikise, nayo humnyima mtu usingizi. Unaona jinsi mambo yanavyoshikana: damu ndogo inavuruga usingizi, usingizi uliokatika unazidisha kusahau na kukuletea ndoto, na ubongo usiolala vizuri huchukua kila neno la mume kama tusi.

Na chai ya rangi ina kemikali zinazoyakamata madini ya chuma tumboni kabla hayajaingia kwenye damu. Umekuwa ukimeza FEFO kwa uaminifu, na sehemu kubwa imekuwa ikipotea. Kuanzia kesho imeze na maji, au na juisi ya chungwa au ukwaju usio na sukari nyingi. Chai isogeze mbali saa moja au mbili, kabla na baada, na hata baada ya chakula kikuu usiifuatishe hapo hapo. FEFO ikikuletea kichefuchefu asubuhi, imeze usiku unapokwenda kulala. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, na kikiwa kigumu ongeza maji na mboga za majani.

Lakini kubadili kinywaji pekee hakutoshi kwa 9.8. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Rudi wiki hii, waambie umekuwa ukimeza na chai, na uliza kama wataongeza dozi ya madini ya chuma kwa muda, maana dozi ya kutibu ni kubwa kuliko ya kukinga. Wapime malaria na choo, na uulize kama umeshapewa dawa ya minyoo. Kama unakula udongo, sema ukweli, hakuna atakayekucheka. Ni jambo la kawaida kwa wajawazito wenye upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe hauongezi damu, unaweza hata kuzuia madini yasinyonywe. Baada ya wiki nne upimwe tena. Tiba ikishika, damu inapaswa iwe imepanda kwa kiasi cha 1 hivi, yaani ukaribie 11. Isipopanda ingawa unameza vizuri, kuna sababu nyingine ya kutafutwa, kama selimundu, na hapo utahitaji daktari.

Chai ina kosa la pili, ambalo ni kafeini. Mwili wa mjamzito huichukua muda mrefu zaidi kuiondoa, na kadiri mimba inavyokua ndivyo inavyokaa. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kiko nawe usiku wa manane. Bakiza kikombe kimoja au viwili, vyote kabla ya mchana. Chakula cha usiku kula saa mbili au tatu kabla ya kulala ili kiungulia kipungue, maji mengi yanywe mchana, na uanze usingizi ukiwa umelala ubavu. Ukifika wiki ya 28, ambayo ni wiki ijayo, kulala ubavu kuna umuhimu zaidi, kwa sababu kuanza usingizi chali kunapunguza damu inayomfikia mtoto. Ukijikuta chali usiku, geuka tu uendelee kulala.

Kuhusu mumeo: huku kwetu husemwa mimba imemkataa mume, na wanaume wengine hulichukua jambo hili moyoni kweli. Msomee barua hii. Msaada utakaoleta mabadiliko ni yeye kukaa dirishani kwako saa mbili za mchana ili ulale dakika arobaini, na kusubiri ulale vizuri ndipo azungumze nawe kuhusu madeni. Lakini niseme na hili, kwa sababu barua nyingi za namna hii huficha jambo. Kama kuna kupigwa, kutukanwa au kunyimwa hela ya matumizi, machozi yako yana sababu nje ya mwili wako, na mkunga anapaswa kulijua hilo mkiwa wawili tu chumbani.

Pia usikubali kila huzuni iitwe homoni. Mabadiliko ya moyo yanayotokana na mimba huja na kuondoka: unalia saa nne, saa sita unacheka na wateja. Jiulize mambo mawili kuhusu wiki mbili zilizopita. Je, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, mambo uliyokuwa ukiyapenda hayakupi raha tena? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, hiyo inaweza kuwa sonona, na ni ugonjwa wenye tiba hata mimba ikiwa tumboni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito kama 16 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili, na zaidi ni sonona. Ukiwaza kufa au kujidhuru, usingoje kliniki. Mwambie mtu siku hiyo hiyo na uende hospitali.

Kusahau nako kuna sura ambayo si yake. Mama anayechanganyikiwa ghafla, asijue yuko wapi au aongee maneno yasiyoeleweka, hajasahau, anaumwa. Kichwa kinachouma sana bila kutulia kwa paracetamol, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu makali chini ya mbavu: hayo ni ya kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Homa pamoja na kuchanganyikiwa inaweza kuwa malaria kali, nayo kwa mjamzito hushusha sukari ya damu upesi.

Na ujiandae kwa jambo moja litakalokuja wiki kadhaa kutoka sasa. Kondo la nyuma likitoka, projesteroni na ile alopregnanoloni vinaanguka ndani ya siku chache. Kati ya siku ya tatu na ya tano wengi hulia sana, hata mtoto akiwa mzima na nyumba imejaa wageni. Hali hiyo hutulia yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikivuka wiki mbili, rudi kliniki ukaiseme kama unavyosema homa. Na mama mkwe, ambaye ndiye atakayekuwa karibu nawe siku hizo, ajue hili: mzazi asiyelala kabisa kwa siku mbili tatu, anayesikia sauti au kuamini mtoto si wake, apelekwe hospitali usiku huo huo, na mtoto asiachwe naye peke yao.